Chuo feki chenye cheti cha ithibati

"Nimepata chuo cha Marekani mtandaoni. Kina cheti cha ithibati na anwani yake inaishia na .ac. Mbona watu wananiambia ni feki?"

Aliyeuliza ni kijana wa bandarini hapa Tanga, tukiwa barazani Ngamiani, kahawa mkononi. Chuo hicho kilimwahidi digrii ya biashara ndani ya siku 14, bila darasa wala mtihani, kwa "uzoefu wa maisha".

Ujanja ni kwamba anayeuza digrii huunda pia shirika la kukipa chuo chake ithibati, yaani kuthibitisha ubora wake. Tovuti mbili, mwenyewe mmoja. Mwaka 2015 gazeti la New York Times liliianika kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa na tovuti zisizopungua 370, zikiwemo za vyuo na za mashirika ya ithibati ya kubuni. Baadhi ya vyuo hivyo viliitwa Barkley na Columbiana. Ukisoma harakaharaka utadhani ni Berkeley na Columbia.

Na hiyo .ac? Ni herufi za kisiwa cha Ascension, huko Atlantiki, na yeyote mwenye pesa anaweza kuzinunua. Usizichanganye na .ac.tz ya vyuo vyetu.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya: nilibofya kiungo cha ithibati kilichowekwa na chuo. Bila shaka kikaniambia mambo safi! Ni sawa na kumuuliza mwizi kama ndugu yake ni mwaminifu. Tukaanza upya, safari hii tukiuliza nchi yenyewe. Marekani, wizara ya elimu haivipi vyuo ithibati, inayatambua mashirika yanayoitoa, na orodha ya mashirika na vyuo iko wazi kwenye DAPIP, hifadhidata ya wizara hiyo (ope.ed.gov/dapip). Tuliandika jina la chuo, herufi kwa herufi. Halimo. Tukatafuta shirika lililokithibitisha. Nalo halimo.

Kijana akanionyesha cheti cha usajili wa kampuni. Huo ni usajili wa biashara tu. Hata duka la nazi linao.

Kwa digrii ya nje, hapa nyumbani anayeamua ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, inayopima tuzo hizo na kuzitambua. Diploma na astashahada za vyuo vya kati ni za NACTVET, na vyeti vya sekondari ni vya NECTA. Lakini chuo kuwemo kwenye orodha hakutoshi, maana mtu anaweza kughushi cheti cha chuo halali kabisa. Hapo haitazamwi karatasi. Anaulizwa msajili wa chuo, kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyochapwa kwenye cheti.

Kijana alimwandikia muuzaji: "Je, TCU wanaitambua digrii yenu?" Jibu lilikuja baada ya dakika chache: nusu bei, mwisho leo saa sita usiku.