Kundi la WhatsApp la wahasibu: mambo yanayolifanya lidumu

Makundi ya wahasibu hufa kwa namna mbili. Mengine hujaa "asubuhi njema", vipeperushi vya mikopo na video za mahubiri mpaka wenye ujuzi wanazima sauti. Mengine hunyamaza kabisa, yakaamka tu mtu akifiwa. Mimi nasimamia kundi la namna hii Dar es Salaam, na kabla ya sheria yoyote naangalia kwanza nani anaingia.

Naanza na watu wachache, kama kumi na tano, ambao najua wanaandaa ritani wenyewe. Ukisambaza linki ukapata mia mbili siku ya kwanza, hakuna atakayethubutu kuuliza swali la maana, kwa sababu hajui kama bosi wake yumo, au mteja. Kwa hiyo kwenye Group permissions nawasha Approve new members, na kila anayeomba namuuliza inboksi: unafanya kazi gani ya uhasibu, na nani humu anakufahamu? Wauzaji wa programu za mishahara wengi huishia hapo hapo.

Sheria zangu ziko kwenye maelezo ya kundi na zinasomeka bila kuteremsha skrini mara mbili. Matangazo ni Ijumaa tu, siasa na dini hapana. Hizo hazina ubishi. Inayohitaji usimamizi ni ya siri za mteja: skrinshoti isiwekwe kabla ya kufunika jina, TIN na namba ya simu. Maadili ya kazi yetu yanadai hivyo, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtu akipitiwa, naifuta kwa wote, kisha namwandikia pembeni: "Kaka, nimeiondoa ile picha, TIN ya mteja inaonekana. Funika, uirudishe." Simsemi mbele za watu, maana akiaibika hatauliza tena. Ila kufuta hakuifikii nakala ambayo mwingine ameshaihifadhi kwenye simu yake, kwa hiyo wepesi ni muhimu. Ndiyo maana tupo maadmini watatu. Mmoja akiwa mkoani kwenye ukaguzi, wengine wanaona.

Sheria nyingine ni ya namna ya kuuliza. "Wakuu, kodi ya zuio inakatwaje?" huzaa majibu kumi yanayopingana, kwa sababu kila mmoja anajibu kisa chake. Tunataka swali lenye aina ya malipo, kiasi, alichofanya muulizaji na pale alipokwama. Mfano: "Mteja wangu, kampuni ya hapa nchini, ametoa huduma ya ushauri kwa 1,000,000, na VAT ya 180,000 juu yake. Aliyemlipa amekata 5% ya 1,180,000, yaani 59,000. Ni sahihi?" Hilo linajibika kwa mstari mmoja: zuio hukokotolewa kabla ya VAT, kwa hiyo ni 50,000, na 9,000 zimekatwa zaidi. Anayejibu namwomba ataje kifungu au mwongozo wa TRA anaoutegemea. Akisema tu "mimi huwa nafanya hivi", tunalipokea kama uzoefu, si jibu.

Uchangamfu wa kundi wala siupangi kwa kichwa changu. Kalenda ya kodi imeshaupanga. PAYE ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata, VAT tarehe 20. Siku nne au tano kabla ya hapo naweka swali moja mahususi, kwa mfano: "Nani ana mfanyakazi aliyeanza kazi katikati ya mwezi? Umemkokotoleaje?" Kwa kampuni zinazofunga hesabu Desemba, mwisho wa Juni unakusanya ritani ya mwaka na awamu ya makadirio kwa pamoja, wiki hizo sihitaji kuchokoza mtu. Baada ya tarehe 20 kundi likipoa naliacha lipoe. Watu wamechoka, na kuwatupia maswali ya kujaza nafasi ndiko kunakowafanya wazime sauti.

Majibu mazuri huzama haraka. Kubandika ujumbe juu kunasaidia, lakini WhatsApp hubandika kwa siku 30 tu zisizidi, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi admini mmoja huhamisha swali na jibu kwenye faili la pamoja, pamoja na tarehe, maana sheria ya fedha hubadilika kila Julai na jibu la mwaka jana linaweza kumponza mtu.

Dalili ninayoiogopa kuliko ukimya ni inboksi yangu kujaa maswali ambayo yangepaswa kuulizwa kundini. Mara nyingi maana yake ni kwamba kuna mjuaji mmoja anayejibu kwa dharau, na wapya wanamkwepa. Hapo naomba ruhusa ya muulizaji, naliweka swali kundini bila jina lake, na mjuaji namwandikia pembeni. Akiendelea baada ya onyo la pili, namtoa, hata kama ndiye anayeijua kodi kutuzidi sote.