Mshale unapopitiliza bikoni: kasi na mchapuko wa mausi katika kazi ya kuchora mipaka

Anayechora mipaka ya viwanja kwenye QGIS juu ya picha ya angani, tuseme viwanja vya Pongwe hapa Tanga, anaujua usumbufu huu. Mshale unaikaribia bikoni vizuri, halafu unapitiliza kidogo. Unaurudisha, unapitiliza upande wa pili. Ukibofya kwa haraka, kona imekaa pembeni ya ukuta badala ya juu yake. Wengi husema mausi imechoka na kwenda kununua nyingine, nayo mpya inafanya vilevile, kwa sababu mara nyingi tatizo liko kwenye mpangilio wa Windows.

Kwanza tuone hasara yake kwa kipimo. Kwenye skrini ya kawaida QGIS huhesabu pikseli moja kuwa milimita 0.26. Ukiwa umekuza ramani kwa skeli ya 1:2500, pikseli hiyo moja ni sentimita 66 ardhini, kwa hiyo ukipitiliza pikseli tatu tu umeikosa kona kwa takriban mita 2. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30, upande mfupi mzima ukisogea mita 2 umeongeza au umepunguza mita za mraba 40. Ukikuza hadi 1:500, kosa lilelile la pikseli tatu linakuwa sentimita 40. Ndiyo maana nashauri skeli iangaliwe kabla ya kugusa mausi. Inaandikwa chini kabisa ya dirisha la QGIS. Kukuza nako kuna mwisho wake: kama picha yako ina chembe za sentimita 50, kwenye 1:500 kila chembe tayari imeenea pikseli karibu nne za skrini, na ukizidi hapo utaona miraba mikubwa tu, si ukuta ulio wazi zaidi.

Sasa tuje kwenye mausi yenyewe. Mausi haijui pikseli. Kila inaposogea hutuma hesabu ya hatua ndogondogo, na idadi ya hatua kwa kila inchi ndiyo DPI iliyoandikwa kwenye boksi. Windows ndiyo inayoamua hatua moja iwe pikseli ngapi. Mpangilio wake uko hapa: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika amri hii, bonyeza Enter, kisha fungua `Pointer Options`.

```
main.cpl
```

Utaona kitelezi chenye alama 11, na chini yake kisanduku cha `Enhance pointer precision`. Kisanduku hicho ndicho mchapuko. Jina lake linawapoteza watu wengi, maana linaahidi usahihi, na ahadi yenyewe si ya uongo mtupu. Kikiwa na tiki, Windows hutazama mkono unakwenda mbio kiasi gani: ukienda polepole hatua za mausi hupunguzwa thamani, ukienda haraka huongezwa. Kwa mtu anayerusha mshale kutoka kona moja ya skrini hadi kwenye kitufe cha upande wa pili, hilo linasaidia kweli, kwa sababu safari ndefu inakuwa fupi mkononi na mwisho wake unakuwa mpole. Kwenye tachpedi ya laptopu, ambako nafasi ya kidole ni ndogo, mchapuko ni lazima.

Kuchora mpaka ni kazi ya aina nyingine. Unapita harakaharaka kwenye ukuta ulionyooka, unapunguza mwendo kwenye kona, unaongeza tena. Kila unapobadilisha mwendo, uwiano kati ya mkono na mshale unabadilika. Sentimita 1 ya mkono inakuwa pikseli nyingi sasa hivi na chache baadaye kidogo, na mkono hauna namna ya kuzoea kipimo kisichotulia. Hapo ndipo ile hali ya mshale “kuelea” inapoanzia: unapunguza mwendo ili ulenge bikoni, mchapuko nao unapunguza wakati huohuo, mshale unafika pafupi kuliko ulivyokusudia, unausukuma kidogo kwa nguvu, unapitiliza.

Kuna kipimo cha dakika mbili cha kuthibitisha hili. Fungua Paint kwenye asilimia 100. Chini kushoto utaona namba mbili zinazobadilika mshale ukitembea, ambazo ni mahali ulipo kwa pikseli. Weka rula mezani, na kitabu kizito kando yake ili mausi iteleze ikiegemea kitabu bila kupinda. Anzia upande wa kushoto wa karatasi ya Paint, andika namba ya kwanza. Sogeza mausi sentimita 2 kulia, kwa haraka. Kisha irudishe polepole, kwa sekunde nne hivi, hadi alama ileile ya rula. Angalia mshale usigonge ukingo wa skrini, maana ukigonga kipimo kimeharibika. Mchapuko ukiwepo, mausi itakuwa imerudi mahali pake lakini mshale utakuwa umebaki kulia kwa makumi au hata mamia ya pikseli. Ukiondoa tiki, ubofye `Apply` na kurudia, namba inapaswa kurudi karibu na ile ya mwanzo. Tofauti ya pikseli chache ni ya mkono wako na rula.

Tiki ikiwa imetoka, kitelezi nacho kinakuwa na maana moja isiyobadilika. Alama ya sita, ile ya katikati, ni hatua moja kwa pikseli moja. Alama ya nne ni nusu yake, ya nane ni mara mbili. Kwa kazi hii usipande juu ya ya sita. Kwenye ya nane kila hatua ya mausi inaruka pikseli mbili, kwa hiyo kati ya kila pikseli mbili ipo moja ambayo mshale hauwezi kusimama juu yake, hata mkono uwe mtulivu namna gani. Dalili yake ni kwamba mshale unaruka kushoto na kulia ya bikoni lakini haukai juu yake kamwe.

Chukua mausi ya 1600 DPI kwenye laptopu yenye upana wa pikseli 1366, kitelezi kikiwa alama ya sita. Kuvuka skrini nzima kunahitaji milimita 22 tu za mkono, na pikseli moja ni milimita 0.016, nyembamba kuliko unywele wa kawaida. Mkono wa binadamu hautulii kwa kiasi hicho, hasa baada ya saa tatu za kazi. Ishushe hadi 800 DPI kama ina kitufe cha DPI mgongoni; kama haina, weka kitelezi alama ya nne, matokeo yanalingana. Sasa skrini inavukwa kwa milimita 43 na pikseli moja imekuwa pana mara mbili mkononi. Siku mbili za mwanzo utaona mausi nzito. Vumilia, usirudishe tiki. Hicho kitufe cha mgongoni kitazame pia siku mshale unapobadilika mwendo ghafla katikati ya kazi, kwani hubonyezwa kwa bahati mbaya mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Wanaotumia Ubuntu wanapata mwendo usio na mchapuko kwa amri moja:

```
gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.mouse accel-profile 'flat'
```

Kwenye Mac, kuanzia macOS Ventura, kuna swichi ya `Pointer acceleration` ndani ya mipangilio ya mausi, chini ya `Advanced`.

Kama umeondoa mchapuko na kile kipimo cha rula bado hakirudi, acha mipangilio, tazama meza. Meza nyingi za steshenari na ofisi ndogo hapa mjini zina kioo juu, na mausi ya kawaida ya mwanga haioni kitu kwenye kioo. Inafanya kazi kwa kupiga picha ndogondogo za uso inaoukalia na kulinganisha moja na inayofuata. Uso usio na alama yoyote hauna cha kulinganishwa, hivyo mshale unatetemeka au unaruka. Kipande cha manila isiyong’aa, kikubwa kama A4 na kilichobandikwa kwa selotepu pembe zote nne, kinamaliza tatizo hilo. Kitambaa laini kinachokunjika hakifai, maana kila mkunjo unainua mausi kutoka kwenye uso inaoutazama.

Kisha igeuze mausi. Zile nyayo nne za plastiki laini chini yake hukusanya uchafu mweusi wa jasho na vumbi, na kwa unyevu wa pwani yetu unashika haraka. Nyayo zikiwa chafu, mausi hugandama unapotaka kuisogeza kidogo, unaongeza nguvu, inaachia ghafla na kuruka pikseli kumi. Hali hiyo inafanana sana na mchapuko, lakini utaitofautisha hivi: ya mchapuko inategemea mwendo, ya nyayo hutokea pale tu unapoanza kusogea. Chomoa waya au zima mausi, kwangua uchafu kwa ukucha au kijiti, malizia kwa pamba yenye spiriti kidogo. Kwenye tundu la mwanga tumia pamba kavu. Unywele mmoja uliojikunja humo unatosha kumfanya mtu anunue mausi mpya.

Ipo hali nyingine ambayo watu huiita kuelea, nayo ni kuchelewa: mkono umesimama, msalaba wa kuchorea bado unatembea. Toka QGIS, zungusha mshale kwenye skrini tupu. Ukiwa mwepesi huko na mzito ndani ya QGIS tu, basi kompyuta inahangaika kuchora upya tabaka zako. Zima tabaka zisizohitajika, na picha ya angani iwe kwenye diski ya kompyuta badala ya flashi. Ukiwa mzito kila mahali na mausi haina waya, hamisha kipokezi chake mbali na tundu la USB 3 lenye diski ya nje. Kelele ya USB 3 huangukia kwenye masafa ya gigahezi 2.4 ambayo mausi nyingi zisizo na waya huyatumia.

Na kabla hujailaumu mausi kwa mshale unaovutwa wenyewe kwenye kona, angalia kama umewasha `Enable Snapping`. Hiyo ni QGIS inanasa kona ya kiwanja jirani, na kwa mipaka ya pamoja ndivyo inavyotakiwa, kwani viwanja viwili vinagawana bikoni ileile bila pengo wala kupandana. Umbali wa kunasa nauweka pikseli 10. Ukiwa 30, msalaba utarukia bikoni ya jirani wakati unalenga nguzo ya geti lililo pembeni yake, na hakuna mpangilio wa mausi utakaozuia hilo.