Saa ya Kimantiki na Saa ya Vekta: Kujua Tukio Lipi Lilitangulia Kati ya Mashine

Saa ya kompyuta huendeshwa na kipande cha kwatzi kisichotetema kwa kasi kamili. Kikikosea kwa sehemu 20 kwa milioni tu, saa hupotea kwa sekunde 1.7 kwa siku. Itifaki ya NTP huirekebisha kupitia mtandao, lakini husalia tofauti ya milisekunde kadhaa, na pengine saa hurudishwa nyuma ghafla.

Tuseme saa ya mashine A iko mbele kwa milisekunde 40, na ya B ni sahihi. Katika milisekunde ya 20, A inaandika `x=5` na kuipa muhuri wa muda wa 60. B inaipokea, inaisoma, kisha katika milisekunde ya 35 inaibadilisha kuwa `x=7`, muhuri 35. Hifadhidata inayoamini muhuri mkubwa itabakiza 5. Ile 7 inapotea bila ujumbe wowote wa kosa, na hilo ndilo baya zaidi.

Mwaka 1978 mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alipendekeza tuache kuuliza saa ngapi, tuulize tukio lipi lingeweza kuathiri lipi. Hiyo ndiyo saa ya kimantiki: kila mashine ina kaunta, huiongeza 1 kwa kila tukio, na huambatisha thamani yake kwenye kila ujumbe. Anayepokea hufanya hivi:

```
L = max(L, L_ujumbe) + 1
```

Kwa mfano wetu, A inaandika ikiwa na 1. B, iliyokuwa na 0, inapokea na kufika 2, kisha inaandika ikiwa na 3. Sasa 7 inashinda, kama inavyostahili.

Ila ongeza mashine C, ambayo haijasikia lolote, nayo ikaandika `x=9` kwa kaunta 1. Kwa kuwa 1 ni ndogo kuliko 3, mtu atadhani C ilitangulia B, kumbe hakuna aliyejua habari za mwenzake. Namba ndogo haithibitishi kutangulia.

Saa ya vekta huziba pengo hilo: kila mashine hutunza orodha ya kaunta, yaani vekta, yenye nafasi moja kwa kila mashine, hapa A, B na C kwa mpangilio huo. Ukipokea ujumbe, unachukua thamani kubwa katika kila nafasi, kisha unaongeza 1 kwenye nafasi yako.

```
A anaandika 5:  [1,0,0]
B anapokea:     [1,1,0]
B anaandika 7:  [1,2,0]
C anaandika 9:  [0,0,1]
```

Vekta moja hutangulia nyingine ikiwa haiizidi katika nafasi yoyote, na ni ndogo kuliko hiyo nyingine katika angalau nafasi moja. `[1,0,0]` inatangulia `[1,2,0]`. Lakini `[1,2,0]` na `[0,0,1]` kila moja inaizidi mwenzake mahali fulani, kwa hiyo ni maandishi sambamba yanayogongana. Hifadhidata huyatunza yote mawili, na programu ndiyo inayoamua namna ya kuyaunganisha. Vekta haichagui mshindi.

Vekta hurefuka kadiri mashine zinavyoongezeka. Na kaunta lazima ihifadhiwe kwenye diski: mashine ikizimika na kuanza upya kwa 0 kwa jina lilelile, maandishi yake mapya yataonekana ya zamani na kutupwa.