Usimuulize wakala kama kampuni "iko vizuri"

Ujumbe ni ule ule, unabadilika jina la mtumaji tu: "Dada, wakala wa ajira wa Dar amenipigia kuhusu kazi huku Mtwara. Nikimuuliza kama kampuni ina hela na kama wamepunguza watu, si ataniona mjeuri amchukue mwingine?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo leo najibu wote.

Hakuoni mjeuri. Wakala analipwa na mwajiri, na kwa kawaida malipo yake yana kipindi cha dhamana, mara nyingi miezi mitatu hivi. Ukiondoka ndani ya kipindi hicho, anatafuta mtu mwingine bila malipo mapya au anarudisha sehemu ya fedha. Mtu anayegundua mwezi wa pili kwamba mishahara inachelewa, akafungasha na kuondoka, ni hasara kwake. Kwa hiyo anayejua kazi yake anapenda uulize mapema. Kinachomkera ni kuuliza baada ya kuthibitisha siku ya usaili na mwajiri kukupangia saa. Uliza akishakueleza kazi na kiwango cha mshahara, kabla hujasema "sawa, nitakuja". Kama usaili wenyewe ni Dar na nauli ni yako, zaidi ya kilomita 500 kwenda tu, una haki ya dakika tano za maswali. (Akikuomba wewe "hela ya fomu", kata simu. Hapo hakuna cha kujadili.)

Sasa nije kwenye kinachonikera kwelikweli, maana wanaouliza nao wengi wanauliza vibaya. "Samahani kaka, kampuni iko vizuri?" Unategemea ajibu nini? Atasema iko vizuri sana, tena inapanuka. Hajakudanganya, hivyo ndivyo alivyoambiwa. Mwajiri hamfungulii wakala vitabu vyake vya hesabu. Muulize vitu ambavyo ama anavijua, ama anaweza kumpigia mwajiri akapata jibu kwa sentensi moja.

Swali la pili linaloharibiwa ni hili la kupunguza watu. Mtu anauliza, "Mmepunguza wafanyakazi karibuni?" anajibiwa "hapana", anaridhika. Ndugu zangu, huku kwetu ni wachache sana wanaopunguza watu kwa jina hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za kiuchumi atoe notisi ya kusudio lake, aeleze sababu, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe kabla ya kuamua. Hiyo ni kazi na ina gharama. Njia rahisi ni kuwaajiri watu kwa mikataba ya muda, halafu mikataba inaisha na haihuishwi. Watu arobaini wanarudi nyumbani na hakuna aliyepunguzwa! Kwa wakandarasi wadogo wa miradi ya gesi na barabara ndiyo kawaida: mradi umeisha, mkataba umeisha, kwaheri. Wakala anayekujibu "hawajapunguza mtu" anasema kweli tupu, na wewe umebaki gizani.

Uliza hivi: "Idara hii ina watu wangapi sasa, na mwaka jana mwezi kama huu walikuwa wangapi?" Maneno "mwezi kama huu" usiyaache. Ukanda wetu unaendeshwa na korosho, na minada ikifunguliwa mwezi wa kumi kila ghala lina watu hadi mlangoni. Ukilinganisha Novemba na Aprili, kila kampuni itaonekana inakufa. Novemba kwa Novemba ndiyo inasema kitu. Ongeza na hili: "Nafasi hii ni mpya, au kuna mtu ameondoka? Kwa miaka miwili iliyopita wamekaa wangapi?" Watu watatu kwenye kiti kimoja ndani ya miaka miwili ni jibu tosha, hata wakala akilisema huku anacheka.

Tuchukue mfano mmoja tuuchambue. Mtu ana kazi ya kudumu Masasi, mtunza ghala, miaka sita. Mwezi Februari wakala anamtafuta kwa kiwanda cha kubangua korosho, mshahara mkubwa kidogo, mkataba wa miaka miwili. Anauliza hali ya fedha, anaambiwa mwenye kiwanda ana uwezo, tena ana majengo Dar. Majengo ya Dar hayabanguliwi.

Kiwanda cha namna hiyo kinakula korosho ghafi za msimu mmoja kwa mwaka mzima. Minada ya stakabadhi ghalani inafanyika kwa miezi michache, na ndani ya miezi hiyo lazima kiwe na fedha, mara nyingi mkopo wa benki, za kununua mzigo wa mwaka. Pale kinashindana na wanunuzi wanaosafirisha ghafi nje, ambao wanageuza fedha yao haraka zaidi. Kikikosa mtaji wakati wa mnada, mashine zinasimama katikati ya mwaka hata kama soko la korosho zilizobanguliwa ni zuri. Kwa hiyo swali la hali ya fedha kwenye kiwanda cha korosho ni moja: zipo tani ngapi za ghafi ghalani, na kwa siku wanabangua tani ngapi?

Tuseme jibu ni tani 1,040 ghalani na tani 10 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni tani 260 kwa mwezi, kwa hiyo mzigo ni wa miezi minne. Kuanzia Machi unafika mwisho wa Juni. Mnada unarudi Oktoba. Julai, Agosti na Septemba hakuna cha kubangua, na mtunza ghala asiye na mzigo ghalani anajua kitakachofuata. Mkataba umeandikwa miaka miwili, ila umesimama juu ya miezi minne ya korosho. Huenda mwajiri ana mpango wa kuagiza ghafi kutoka nje, au mzigo mwingine uko ghala la mbali. Vizuri, na auseme. Kwa mtu anayeomba kazi ya ghala, hilo hata si swali la fedha, ni swali la kazi yake mwenyewe, na mwajiri atakayelikasirikia ameshakujibu.

Na hapa watu wanasahau upande wa pili wa mizani. Huyu wa Masasi akiacha kazi mwenyewe, kiinua mgongo cha kisheria hapati, maana kile cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, kinaanza mwajiri anapomwachisha. Akiingia kazi mpya, chini ya miezi sita hana kinga ya kisheria ya kulalamikia kuachishwa isivyo halali. Miezi minne ya korosho, miezi sita bila kinga. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa kampuni isiyo ya korosho, mimi nasoma michango ya NSSF kuliko kitu chochote. Kampuni ikianza kubanwa haianzi kuchelewesha mishahara, kwa sababu mshahara ukichelewa mtaa mzima unajua siku hiyo hiyo. Inaanza na makato: inakata asilimia ya mfanyakazi kwenye mshahara, inaitumia kulipia mafuta ya magari, na mchango haufiki. Mfanyakazi anaona michango yake kwenye simu, lakini wengi hawaangalii. Mtafute mtu mmoja anayefanya kazi pale, usimuulize mshahara wala siri za ofisi, mwombe akuambie tu mchango wake wa mwisho ulioingia ni wa mwezi gani. Nyuma mwezi mmoja ni kawaida, mwajiri ana mwezi mzima baada ya mwezi husika kuwasilisha. Nyuma miezi minne, mitano, kuna fedha imekatwa na haijulikani ilipo. Kwa wakala unauliza kistaarabu: "Michango ya NSSF ya wafanyakazi wenu imelipwa hadi mwezi gani?" Wakala makini atakuambia "sijui, nitauliza". Hilo ni jibu zuri, usilidharau.

Dalili ya pili ni mikopo ya mshahara. Ofisa mikopo wa benki mjini anawajua waajiri ambao makato yao hayafiki kwa wakati. Benki ikiacha kuwakopesha wafanyakazi wa mahali fulani, haijaota usiku. Muulize anayefanya kazi pale kama mkopo bado unapatikana.

Kuhusu usajili wa BRELA, jamani. Kuona jina la kampuni kwenye mfumo wa BRELA kunathibitisha kwamba imesajiliwa, basi. Hakusemi kama ina hela. Hesabu za fedha utazisoma gazetini kwa mabenki, na kwa kampuni zilizoorodheshwa soko la hisa. Mkandarasi wa Mikindani huzipati, usijisumbue.

Sifa za kampuni nazimaliza haraka. Fungua tanzlii.org, andika jina la kampuni, utaona mashauri ya kazi yaliyofika Mahakama Kuu. Kesi moja si kitu, mwajiri yeyote mkubwa anayo. Kesi za watu wengi wanaodai mishahara ni jambo jingine. Mengi yanaishia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na hutayaona huko, kwa hiyo waulize pia wanaoidai kampuni: mwenye malori, mama lishe wa getini anayepikia kwa daftari. Huyo mama anajua tarehe ya mshahara kuliko mhasibu. Tafuta wawili wasiojuana, maana aliyefukuzwa kwa wizi naye atakuapia kampuni inafilisika.

Ujumbe wenyewe ni mfupi, wa maandishi, usipige simu:

"Habari za kazi kaka. Nimeipenda nafasi, ninaomba mambo manne kabla ya kuthibitisha siku ya usaili. Mkataba ni kwa jina la kampuni gani? Nafasi ni mpya au kuna aliyeondoka? Idara ina watu wangapi sasa na mwaka jana mwezi huu walikuwa wangapi? Michango ya NSSF imelipwa hadi mwezi gani? Asante."

Swali la kwanza kwenye orodha hiyo ni la makusudi. Mradi unaweza kuwa wa kampuni kubwa, na mkataba wako ukawa wa kampuni ndogo ya kukodisha wafanyakazi, ambayo ndiyo itakayokwama kukulipa. Wakala anaweza kuficha jina la mteja siku ya kwanza, asije mtu akamruka. Siku ya kukubali usaili, hapana.

Lipo linalonisumbua bado. Mkandarasi mzuri anaweza kuchelewesha michango kwa sababu aliyempa kazi hajamlipa, na akilipwa anaweka yote sawa. Mwingine ana kila kitu safi hadi wiki ya mwisho, halafu anafunga geti. Kwa maswali haya manne huwezi kuwatenganisha wawili hao. Ninachofanya nikiona michango imechelewa ni kurudi kwa wakala na swali la tano: nani anayewadai, au wao wanamdai nani? Akiniambia wanadai malipo ya kazi iliyokwisha kukaguliwa na kupokelewa, namwambia mtu aende usaili. Akisema "mambo yatakaa sawa tu", nauli abaki nayo.