Upungufu wa stoki mwisho wa mwaka: uandikwe wapi?

Upungufu wa stoki ni tofauti kati ya bidhaa ambazo vitabu vinasema zipo na zile zilizokutwa stoo siku ya kuhesabu. Swali linalowasumbua wengi ni tofauti hiyo ibebwe na akaunti gani. Jibu la haraka, kuitupa yote kwenye gharama ya mauzo, mara nyingi ni kosa, kwa sababu sehemu ya upungufu huwa si hasara hata kidogo.

Chukua mfano wa duka la vifaa vya ujenzi pale Industrial Area, Nairobi, linalofunga vitabu tarehe 31 Desemba. Kompyuta inasema stoki ni ya shilingi 4,860,000. Hesabu ya mkono imetoa 4,548,000. Zimepungua shilingi 312,000. Kabla ya kuandika lolote, panga upungufu huo bidhaa kwa bidhaa, kwa sababu umbo lake husema mengi. Ikipungua idadi kamili ya katoni au mifuko, shuku karatasi kwanza. Misumari ya inchi tatu ikipungua na ya inchi nne ikazidi kwa kiasi kilekile, aliyehesabu amechanganya, na hapo hakuna cha kuandika zaidi ya kurekebisha idadi za kila aina.

Katika duka letu, mifuko 120 ya simiti, ya shilingi 700 kila mmoja, haionekani. Deliveri noti zinaonyesha ilipakiwa kwenye lori la mteja tarehe 30 Desemba, ila ankara ikaandikwa tarehe 3 Januari. Hayo ni mauzo ya Desemba yaliyochelewa kuandikwa. Rudisha ankara kwenye mwaka wake: mteja anadaiwa bei ya kuuzia, tuseme shilingi 780 kwa mfuko bila VAT, na zile 84,000 zinakwenda kwenye gharama ya mauzo kama kawaida. Hapo faida inapanda kwa 9,600.

Kuna katoni 20 za misumari, shilingi 60,000. Mzigo mmoja uliingizwa kwenye kompyuta mara mbili, kwa hiyo stoki imezidishwa na deni la msambazaji pia. Punguza vyote viwili. Faida haiguswi. Taarifa ya mwezi ya msambazaji ndiyo hufichua kosa hili, kwani yeye anadai mzigo mmoja tu.

Ndoo 12 za rangi, shilingi 72,000, zilikwenda kupaka nyumba ya mwenye duka. Anaweza kukasirika ukimuuliza, lakini ni lazima aulizwe. Kama biashara ni yake peke yake, zinaandikwa kwenye alichochukua mwenyewe, na hupunguza mtaji wake bila kugusa faida. Kama ni kampuni, anadaiwa na kampuni.

Zimebaki shilingi 96,000, na hii ndiyo hasara halisi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa stoki, IAS 2, kinataka hasara ya stoki iwe gharama ya kipindi ilipotokea. Huwezi kuisukuma mwaka ujao, wala kuiacha kwenye akaunti ya kusubiri ukitumaini kitu kitajitokeza. Ndani ya hizo, 30,000 ni vipande vya waya, skrubu na vitasa vilivyopotea kidogo kidogo; ndio upungufu wa kawaida wa duka la aina hii, na unakaa ndani ya gharama ya mauzo. Lakini nyaya za umeme za shilingi 66,000 zilitoweka kwa mkupuo. Hizo afadhali ziwe na mstari wake kwenye hesabu ya faida na hasara. Ukizificha ndani ya gharama ya mauzo, mwakani utadhani bei zako za kuuzia ni mbaya, kumbe tatizo ni mlango wa nyuma.

Kama zile 312,000 zote zingeitwa gharama ya mauzo, faida ingeonekana pungufu kwa 225,600: zile 216,000 ambazo si hasara, pamoja na 9,600 za faida ya simiti.

Kuna wanaoukimbilia mshahara wa mtunza stoo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata kiasi cha haki pale mali ilipopotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi, na makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Tofauti ya hesabu pekee haithibitishi kosa la mtu, hasa kama funguo za stoo ziko kwa watu watatu. Kwa hiyo andika hasara yote sasa. Ikithibitika baadaye kwamba anadaiwa, na kiasi kikajulikana, kile kitakachorudishwa kiandikwe kama marejesho siku hiyo. Madai ya bima nayo vivyo hivyo: usiyaandike kama mali hadi malipo yawe hakika, kwa mfano bima ikishakubali kwa maandishi.