Akaunti tatu, diski moja: kwa nini faili zilizowekwa D huonekana na kila mtu

Mwezi uliopita niliitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho ofisi yake ina kompyuta moja tu, na kompyuta hiyo hutumiwa na watu watatu: meneja, mhasibu na karani. Kila mmoja alikuwa na akaunti yake ya Windows na nywila yake, kwa hiyo wote waliamini kwamba faili za mmoja haziwezi kufikiwa na mwingine. Imani hiyo ilivunjika siku karani alipofungua folda ya mishahara bila kukusudia. Mhasibu alimtuhumu kwamba ameiba nywila, naye karani aliponieleza alikuwa karibu kulia: "Kaka, mimi sikupekua kitu. Nilifungua D kutafuta fomu za wanachama, nikaikuta folda imekaa pale pale."

Karani alikuwa anasema kweli, na nililithibitisha jambo hilo mbele yao kwa dakika chache. Naeleza hapa nilichowaonyesha, kwa sababu mpangilio wa kompyuta yao ndio ninaoukuta katika ofisi nyingi ninazohudumia.

Windows inapomfungulia mtu akaunti, humtengea folda yake ndani ya `C:\Users`. Mhasibu, kwa mfano, ana `C:\Users\mhasibu`, na humo ndimo zilimo Desktop, Documents, Downloads na Pictures zake. Folda hiyo huzaliwa ikiwa na ruhusa za watatu pekee: mwenye akaunti, mfumo wenyewe, na kundi la wasimamizi. Karani akijaribu kuifungua atazuiwa, hata kama hakuna aliyegusa mpangilio wowote. Kwa mtu anayehifadhi kazi zake ndani ya Documents, kuwa na akaunti tofauti kunatosha kwa sehemu kubwa.

Tatizo ni kwamba watu wetu hawahifadhi kazi zao humo. Sisi mafundi tumewazoesha kwa miaka mingi kugawa diski mara mbili, Windows ikae C na kazi zikae D, ili siku Windows ikiharibika na kulazimika kuwekwa upya, C ifutwe na kazi zisalimike. Ushauri huo ni mzuri, na mimi mwenyewe bado nautoa. Lakini D haina mwenyewe. Inapoandaliwa na Windows kwa mfumo wa NTFS, huwekewa ruhusa inayomwezesha yeyote aliyeingia kwa akaunti halali kusoma, kubadilisha na hata kufuta kilichomo, na kila folda mpya inayoundwa hapo hurithi ruhusa hiyo kutoka juu. Ndivyo folda ya mishahara ilivyokuwa. Kuwepo kwa akaunti tatu hakukuwa na athari yoyote juu yake.

Ukitaka kuhakikisha hali ya folda yako, fungua Command Prompt uandike:

```
icacls D:\Mishahara
```

Kati ya mistari itakayotokea, tafuta ule unaotaja `Authenticated Users`, yaani kila aliyeingia kwa nywila halali. Ukiukuta una `(I)` na `(M)`, maana yake ni kwamba ruhusa imerithiwa kutoka folda ya juu, na kwamba inaruhusu kubadilisha, si kusoma peke yake. Mhasibu aliposikia kwamba karani angeweza pia kufuta orodha nzima ya mishahara kwa bahati mbaya, alinyamaza kwa muda, kisha akamwomba radhi.

Kabla ya kugusa ruhusa, hata hivyo, nilitazama aina za akaunti, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Amri hii huorodhesha wenye mamlaka ya usimamizi:

```
net localgroup Administrators
```

Wote watatu walikuwamo. Aliyewawekea kompyuta alimpa kila mtu usimamizi ili asisumbuliwe kila programu inapohitaji kusasishwa. Kwa hali hiyo folda yoyote ya siri ni pazia tu, kwa maana msimamizi anayekataliwa folda huonyeshwa kisanduku chenye maneno `You don't currently have permission to access this folder` na chini yake kitufe cha `Continue`. Akikibofya, Windows haimfungulii kwa mara hiyo moja tu, bali huliandika jina lake katika orodha ya ruhusa za folda na kuliacha humo. Nimewahi kukuta folda ya mkurugenzi ikiwa na majina manne ya wafanyakazi yaliyoingia kwa njia hiyo, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ameacha alama.

Kwa hiyo niliunda akaunti moja ya usimamizi isiyo ya mtu yeyote kwa kazi za kila siku, nikahakikisha kwamba inaingia bila shida, ndipo nikawashusha watatu hao kuwa watumiaji wa kawaida. Mpangilio huu wa hatua usigeuzwe, kwa sababu ukimshusha msimamizi wa mwisho aliye hai utajifungia nje. Amri hizi huandikwa katika Command Prompt iliyofunguliwa kwa `Run as administrator`:

```
net user msimamizi * /add
net localgroup Administrators msimamizi /add
net localgroup Administrators karani /delete
```

Alama ya nyota huifanya kompyuta iulize nywila bila kuionyesha kwenye skrini. Mstari wa tatu hurudiwa kwa mhasibu na meneja, kisha kila mmoja hutoka kwenye akaunti yake na kuingia upya ili badiliko lishike. Hakikisha pia kwamba kila aliyeondolewa bado yumo katika kundi liitwalo `Users`.

Ndipo ikaja zamu ya folda yenyewe. Kwanza jua jina halisi la akaunti, kwa kuwa jina linaloonekana kwenye skrini ya kuingilia huenda si lile ambalo Windows hulitumia ndani. Mtu aliyefungua akaunti kwa barua pepe ya Microsoft, kwa mfano, kwa kawaida hupewa jina la ndani lenye herufi tano za mwanzo za anwani hiyo. Mwenye akaunti akiandika `whoami` ataliona. Baada ya hapo, amri ni hii moja, nayo huandikwa kwenye mstari mmoja:

```
icacls D:\Mishahara /inheritance:r /grant:r "mhasibu:(OI)(CI)F" "SYSTEM:(OI)(CI)F" "Administrators:(OI)(CI)F"
```

Sehemu ya `/inheritance:r` inakata urithi wa ruhusa kutoka D na kuziondoa zote zilizorithiwa, akiwemo yule `Authenticated Users`. Zinazofuata ni ruhusa kamili kwa mhasibu, kwa mfumo na kwa wasimamizi, na zile `(OI)(CI)` zinaagiza kwamba faili na folda zote za ndani zifuate utaratibu huo huo. Kuna mafundi wanaoliondoa kundi la wasimamizi pia, wakidhani wameifanya folda kuwa ya siri zaidi. Mimi siliondoi. Msimamizi anaweza wakati wowote kujitwalia umiliki wa folda, hivyo kumwondoa hakumzuii aliyedhamiria, bali kunaweza kukwamisha kazi ya kutengeneza nakala za akiba za faili. Kizuizi cha kweli ni nani anayeijua nywila ya `msimamizi`, na katika chama hiki tulikubaliana iandikwe, itiwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na ikae kwa mwenyekiti ambaye haitumii kompyuta hiyo kabisa.

Bado kulikuwa na kazi moja ndogo ambayo husahaulika. Mhasibu alikuwa na faili nyingine zilizotawanyika D, naye akazihamishia ndani ya folda yake. Faili inayohamishwa kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya diski ile ile inaweza kubaki na ruhusa zake za zamani, ilhali inayonakiliwa huchukua ruhusa za folda mpya. Ili kuondoa shaka, baada ya kuhamisha andika:

```
icacls "D:\Mishahara\*" /reset /T
```

Amri hiyo huzifanya faili zote za ndani zirithi upya kutoka folda ya mhasibu. Angalia sana nyota iliyo mwishoni, maana ukiisahau utairudisha folda yenyewe kwenye urithi wa D na kuifungua tena kwa wote.

Kupima kulifanyika kwa akaunti ya karani, si ya msimamizi. Karani mwenyewe aliingia, akabofya folda, akakutana na kile kisanduku cha kumnyima ruhusa. Alipobofya `Continue` aliombwa nywila ya msimamizi, naye akaishia hapo. Jina la folda bado analiona ndani ya D, ila hawezi kuona kilichomo. Kwa sababu hiyo nilimshauri meneja asiziite folda zake majina yanayosema mengi. Fomu za wanachama, ambazo wote wanazihitaji, tuliziweka katika `D:\Pamoja` na kuziachia ruhusa za kawaida.

Mipaka ya utaratibu huu niliwaeleza pia. Ruhusa hizi huishi ndani ya NTFS, kwa hiyo faili iliyonakiliwa kwenye fleshi yenye FAT32 au exFAT haibebi ulinzi wowote. Vilevile Windows ndiyo inayozilinda wakati imewaka. Mtu anayewasha kompyuta kwa Linux iliyo kwenye fleshi, au anayeichomoa diski na kuipeleka kwenye mashine nyingine, atasoma kila kitu. Dawa ya hilo ni kuifunga diski nzima kwa BitLocker, inayopatikana kwenye Windows Pro, lakini nayo haitenganishi mhasibu na karani pindi diski imeshafunguliwa. Kila moja inaziba tundu lake.

Jambo la mwisho linamhusu fundi atakayekuja baada yangu. Windows haimtambui mhasibu kwa jina bali kwa namba ndefu inayoanza na `S-1-5-21`, nayo hutengenezwa mara moja tu akaunti inapoundwa. Windows ikiwekwa upya na akaunti mpya ikaitwa `mhasibu` vilevile, kwa D huyo ni mgeni, na folda itamkatalia mwenyewe. Ukiandika `icacls` utaiona namba tupu mahali palipokuwa na jina. Faili hazijapotea. Ingia kama msimamizi, rudia ile amri ndefu ya kutoa ruhusa kwa akaunti mpya, kisha ifute ile namba ya zamani kwa `/remove` ukitanguliza nyota mbele yake, kama `*S-1-5-21-...`. Karatasi yenye amri hizo nimeibandika ndani ya mlango wa kabati lao, pembeni mwa kompyuta, pamoja na majina ya akaunti na folda inayomhusu kila mmoja, bila nywila yoyote.