Msimbo wa punguzo: hesabu tiketi zilizolipiwa

Tuchukue tamasha la watu 400: tiketi 100 za mapema kwa shilingi 15,000, 220 za kawaida kwa 20,000 na 80 za VIP kwa 50,000. Bei ya mapema iwekee vikomo viwili, idadi na tarehe, ifungwe na kitakachotangulia. Ukiweka tarehe peke yake, ukumbi unaweza kujaa kwa bei ya chini kabla siku haijafika.

Msimbo wa punguzo (wengi tunaita promo kodi) ufungie kwenye tiketi za kawaida tu. Mifumo mingi, usipochagua aina ya tiketi, huukubali kila mahali, na aliyekwisha kupata bei ya mapema anapunguziwa mara ya pili: asilimia 10 ya 15,000 ikitoka, umebaki na 13,500.

Kila anayekutangazia apewe msimbo wake, hata kama punguzo ni lile lile. Hapa redio imepewa REDIO na wanafunzi CHUO, kila mmoja asilimia 10. Wiki moja baadaye dashibodi inaonyesha REDIO imetumika mara 62, CHUO mara 48. Usilipe kamisheni kwa namba hizo. Mifumo mingine huhesabu mara tu oda inapofunguliwa, na mnunuzi wa simu anaweza kuishia hapo: ombi la malipo limekuja, salio halitoshi, au hakuweka namba ya siri kwa wakati.

Pakua orodha ya oda, uifungue kwenye Excel. Tuseme safu B ni idadi ya tiketi, C ni msimbo, D ni hali ya malipo:

```
=SUMIFS(B:B,C:C,"REDIO",D:D,"paid")
```

Neno `paid` libadilishe lifanane na linaloandikwa na mfumo wako. Ukijumlisha B, unapata tiketi. Ukihesabu mistari, unapata oda, na oda moja huweza kubeba tiketi tano. Katika mfano wetu, oda zilizolipiwa za REDIO ni 41 zenye tiketi 58, yaani 1,044,000 kwa bei ya 18,000. Za CHUO ni 19 zenye tiketi 21, yaani 378,000. Kwenye dashibodi zilikaribiana. Kwa fedha, redio imeleta karibu mara tatu.

Oda zisizolipiwa zina madhara mengine pia. Ukiweka kikomo cha matumizi 60, zinaweza kukila, na mwenye fedha mkononi akaambiwa msimbo umekwisha. Weka oda ijifute isipolipiwa ndani ya dakika 15, kisha jaribu mwenyewe: fungua oda, usilipe, uone kama ile nafasi inarudi. Mifumo mingine hurudisha tiketi ikasahau msimbo.

Na CHUO ikianza kuleta oda nyingi ghafla usiku mmoja, yaelekea imevuja kwenye makundi ya WhatsApp. Ifunge, utoe mpya. Mauzo ya baada ya hapo usiyahesabie wanafunzi.